Jalada liko wapi? Barua ya dada kwa mwendesha mashtaka

*Mdogo wake aliuawa mwaloni akilinda injini za mitumbwi. Watuhumiwa walikamatwa, kesi ikafunguliwa, kisha ikapotea machoni pake. Makala haya yanafuata barua moja kutoka Igoma, Mwanza, na njia ambayo jalada la mauaji hupita kabla jaji hajaketi kulisikiliza.*

Bahasha ilikuwa ya kaki, na ndani yake mlikuwa na nakala mbili za barua ileile. Dada alizitoa zote mbili, akaziweka juu ya kaunta, akazinyoosha kwa kiganja. Karani akachukua ya kwanza, akasoma kichwa cha habari, akamtazama.

"Mama, wewe ni nani wa marehemu?"

"Dada yake. Tumezaliwa tumbo moja."

Karani akagonga mhuri kwenye nakala ya kwanza na kuiweka kwenye trei. Dada akasukuma ile ya pili. Karani akasita kidogo, kisha akaigonga nayo na kuandika tarehe kwa kalamu ya bluu. Ile ya pili ndiyo aliyoifuata dada mjini. Aliikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa nailoni wenye cheti cha kifo na kikaratasi cha RB, akatoka nje kutafuta daladala ya Igoma.

Ameomba jina lake lisiandikwe, wala la mdogo wake, wala la mwalo. Ofisi aliyoipelekea barua pia haitatajwa hapa. Kesi bado ina uhai mahali fulani, na kuna mashahidi wanaolala kwenye mabanda yasiyo na kufuli.

Mbalamwezi na injini mbili

Mdogo wake alikuwa mlinzi katika kambi ya wavuvi wa dagaa. Wanaoishi kando ya Ziwa Victoria wanaijua kazi hiyo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Mbalamwezi ikitoka, taa haziwavuti tena, mitumbwi hupandishwa nchi kavu na wavuvi wengi hurudi makwao kupumzika. Injini hufunguliwa na kuwekwa kwenye banda. Siku hizo ndizo mlinzi anapokuwa na kazi nzito, kwa sababu injini moja ya mtumbwi ni mtaji wa miaka, na inauzika haraka upande wowote wa ziwa.

Waliokuja usiku ule walizifuata injini. Waliondoka na mbili. Mlinzi alipatikana alfajiri kando ya mlango wa banda.

Shahidi wa macho alikuwa mmoja, mama anayeanika dagaa, aliyeamka kwa kelele na kuchungulia. Katika wiki chache polisi waliwakamata vijana watatu. Walifikishwa mahakamani kwa kosa la mauaji, na dada akaanza safari ambazo amezihesabu kwenye daftari la shule la mwanawe: safari 31 kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi. Kila mara aliingia, akakaa benchi la nyuma, akawaona wale watatu wakiletwa na karandinga, akasikia sentensi moja, akaondoka. Sentensi hiyo ilisema upelelezi haujakamilika, shauri lipangiwe tarehe nyingine ya kutajwa.

Siku ya safari ya 32 jina la kesi halikuitwa. Alipouliza akaambiwa, "Hiyo imetoka hapa." Alidhani wameachiwa. Alirudi nyumbani akawaambia wazee hivyo, na familia ikakaa na habari hiyo kwa miaka miwili.

> Safari ya 32 jina la kesi halikuitwa. Aliambiwa, "Hiyo imetoka hapa." Familia ikakaa miaka miwili ikiamini watuhumiwa wameachiwa.

Namba tatu za kifo kimoja

Hapo ndipo ndugu wengi wa marehemu hupotea, na chanzo chake ni namna kesi ya mauaji inavyotembea nchini Tanzania.

Kosa la mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu. Lakini haliendi huko moja kwa moja. Watuhumiwa hupelekwa kwanza kwenye mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, ambako shauri hufunguliwa kama PI, yaani shauri la uchunguzi wa awali. Hakimu huyo hana mamlaka ya kuamua nani aliua. Hata kuwauliza washtakiwa kama ni kweli au si kweli hawezi. Huwaambia wasijibu lolote. Kazi yake ni kuangalia kwamba watu walioko mahabusu wanaletwa mbele yake kwa tarehe zisizoachana sana, ambazo kwa desturi ni kila baada ya siku 14. Mauaji hayana dhamana, hivyo kati ya tarehe na tarehe washtakiwa hubaki gerezani.

Wakati huo kazi yenyewe inafanyika kwingine. Mpelelezi anakusanya maelezo ya mashahidi, ripoti ya daktari aliyechunguza mwili, ramani ya tukio, vielelezo, na majibu ya maabara kama yapo. Jalada linapelekwa kwa waendesha mashtaka wa Serikali. Wakili wa Serikali analisoma, na likiwa na pengo analirudisha kwa polisi na maelekezo: mchukueni maelezo fulani upya, tafuteni daktari asaini, onyesheni nani alikabidhi kielelezo kwa nani. Jalada linaweza kwenda na kurudi mara kadhaa. Pale mahakamani, safari zote hizo husikika kwa sentensi ileile moja.

Likikamilika, Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye watu wamezoea kumwita DPP, huamua kama kuna kesi. Akiona ipo, hati ya mashtaka hupelekwa Mahakama Kuu. Kisha washtakiwa hurudishwa kwa hakimu yuleyule kwa siku moja muhimu: wanasomewa maelezo ya mashahidi na orodha ya vielelezo, ili wajue wanakwenda kujibu nini, halafu wanakabidhiwa rasmi Mahakama Kuu. Shauri la PI linafungwa. Kule juu linafunguliwa jingine, lenye namba mpya, na linasubiri kupangiwa kikao.

Kwa hiyo kifo kimoja kinakuwa na namba tatu: ya polisi, ambayo dada anayo kwenye kikaratasi cha RB, ya PI, ambayo alikuwa ameinakili kwenye daftari, na ya Mahakama Kuu, ambayo hakuna aliyempa. Alipokwenda kuulizia kwa namba ya pili, kila dirisha lilimjibu ukweli: kesi hiyo haipo.

Neno "imetoka" lingeweza kumaanisha mambo matatu yaliyo mbali kabisa. La kwanza, imepanda Mahakama Kuu. La pili, DPP ameiondoa. Sheria inampa mamlaka hayo wakati wowote kabla ya hukumu, na washtakiwa huachiwa, lakini wanaweza kukamatwa tena na kushtakiwa kwa kosa lilelile. La tatu, imefikia mwisho. Anayesikia "imetoka" kwenye korido hawezi kutofautisha, na mauaji ni kosa ambalo haliozi kwa kupita miaka.

Jamhuri dhidi ya

Kwenye jalada la kesi kama hii jina la mlalamikaji ni Jamhuri. Dada hayumo. Kama hakushuhudia lolote, hata shahidi si lazima awe. Tangu mwaka 2018 mashtaka yanaendeshwa na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, iliyotenganishwa na Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na Katiba katika ibara ya 59B inamtaka DPP azingatie mambo matatu anapotumia madaraka yake: nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za kisheria, na maslahi ya umma. Asiingiliwe na mtu yeyote.

Kuna sababu nzuri ya kuwa hivyo. Kama ndugu wa marehemu ndio wangekuwa wenye kesi, mwenye ng'ombe wengi angeweza kuwalipa wamalizane, na maskini angeshindwa kushtaki. Wazee wa vijiji vya kanda hii wanajua ni mara ngapi mashauri mazito yamejaribu kumalizwa chini ya mti. Jamhuri inachukua kesi ili isiuzike.

Lakini ikishaichukua, inaondoka nayo. Hakuna mahali katika njia niliyoieleza ambapo mtu analazimika kumwambia dada kwamba kituo kimebadilika. Hakimu anawaambia washtakiwa, kwa sababu wako mbele yake. Wakili wa utetezi anapewa nakala. Askari magereza anajua, kwa sababu ndiye anayewasafirisha. Walioiba injini, kama ni wao, wanajua kesi ilipo kuliko mtu aliyemzika mlinzi.

> Jamhuri inachukua kesi ili isiuzike. Lakini ikishaichukua, inaondoka nayo.

Miezi tisa, miaka saba

Kanda ya Ziwa ina kumbukumbu ya wazi ya jinsi muda unavyotofautiana. Desemba 2008 mvulana mwenye ualbino aliuawa wilayani Bukombe. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo. Ilikuwa miezi tisa hivi, katika kipindi ambacho nchi nzima na dunia zilikuwa zikitazama mauaji ya watu wenye ualbino.

Machi mwaka uleule wa 2008, katika kijiji kimoja cha Geita, mwanamke kijana mwenye ualbino aliuawa na viungo vyake kukatwa. Hukumu ya Mahakama Kuu, Kanda ya Mwanza, ilitoka Machi 2015. Watu wanne walihukumiwa kifo, mmoja wao akiwa mume wa marehemu. Aina ya mauaji ilikuwa ileile, na mwaka ulikuwa uleule, lakini safari moja ilichukua miezi tisa na nyingine miaka saba.

Fikiri ile miaka saba kwa upande wa ndugu waliozaliwa pamoja na mwanamke yule. Mtuhumiwa mmoja alikuwa shemeji yao, mtu aliyewalipia mahari. Walihitaji kujua kesi iko wapi kwa sababu za kila siku: watoto wakae na nani, shamba lilimwe na nani, wakikutana na ndugu wa mume kwenye gulio wasalimiane vipi.

Na kuna mashauri ambayo hayafiki hata huko. Desemba 2014 mtoto wa miaka minne mwenye ualbino alinyakuliwa nyumbani kwao kijijini Ndami, wilaya ya Kwimba, mkoani Mwanza. Watu walikamatwa, baba yake akiwemo. Mtoto hakupatikana. Kinyume chake, mwaka 2024 mtoto mwingine mwenye ualbino alichukuliwa Muleba, mkoani Kagera, Mei 30. Mwili ulipatikana Juni 17. Na Juni 28 watu tisa walisimamishwa mahakamani Bukoba. Pale macho ya nchi yanapoelekea, hatua za mwanzo zinakwenda mbio.

Mlinzi wa injini hakuandikwa gazetini. Kesi yake ndiyo ya kawaida, na ya kawaida ndiyo inayosimama.

Inasimama wapi

Nimezungumza na watu wanaofanya kazi hii pande zote mbili za chumba cha mahakama, na maelezo yao yanakaribiana kuliko nilivyotarajia.

Upande wa mashtaka unasema kesi za ziwani zinasimama kwa mashahidi. Mvuvi hana anwani. Anahama na samaki, anahama na tajiri aliyempa mtumbwi, anabadilisha laini ya simu. Maelezo yake yalichukuliwa mwaloni. Hati ya wito ikifika miaka mitatu baadaye, kambi yenyewe imehama. Vikao vya Mahakama Kuu navyo huhitaji fedha: nauli na posho za mashahidi, za daktari, za askari aliyekwisha hamishiwa mkoa mwingine. Kesi ambayo shahidi wake mkuu hajulikani alipo haipangwi mbele, maana ikiitwa na shahidi akakosekana, inaweza kuanguka.

Upande wa utetezi unakumbusha kwamba kwenye benchi la mahabusu pia kuna watu wanaosubiri. Mtu anayekaa gereza la Butimba miaka minne bila dhamana anaweza kuwa hana hatia. Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi, na haki hiyo ni ya pande zote mbili. Mwaka 2022 sheria ya mwenendo wa jinai ilibadilishwa ili watu wasipelekwe mahakamani kabla ya upelelezi kukamilika, lakini makosa mazito kama mauaji hayakufungwa na zuio hilo. Mwaka 2023 tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilimkabidhi Rais Samia Suluhu Hassan ripoti yake kuhusu taasisi za haki jinai, na ucheleweshaji ulikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa iliyokutana nayo.

Katika kesi ya mlinzi, kila kitu kinamwangukia yule mama mwanika dagaa. Majaji wa Tanzania hupima utambuzi wa usiku kwa uangalifu tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika kesi ya Waziri Amani, wa mwaka 1980. Shahidi ataulizwa alikuwa umbali gani, aliwaona kwa muda gani, mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani, na kama aliwafahamu kabla. Mbalamwezi ile iliyowaleta wezi ndiyo pia inayoweza kuwa taa ya shahidi. Lakini lazima yeye mwenyewe asimame aseme hivyo.

Asipopatikana, Sheria ya Ushahidi inaruhusu maelezo yake ya maandishi yapokewe, kwa masharti. Upande wa mashtaka uthibitishe kwamba amefariki au ametafutwa kwa juhudi akakosekana. Maelezo yawe yamesainiwa naye. Nakala ipelekwe kwa utetezi, nao wana siku kumi za kupinga. Hata yakipokewa, karatasi haiwezi kuulizwa mwezi ulikuwa upande gani wa banda.

Barua yenyewe

Msaidizi wa kisheria wa mtaani kwake ndiye aliyemsaidia kuiandika. Rasimu ya kwanza ilikuwa na kurasa tano na ilianza na msiba. Ya mwisho ina ukurasa mmoja. Nainakili sehemu yake kwa ruhusa yake, namba zikiwa zimeondolewa:

*YAH: KUOMBA TAARIFA YA HATUA ILIYOFIKIWA KATIKA SHAURI LA MAUAJI YA MDOGO WANGU*

*Husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni dada wa marehemu, na ndiye niliyeutambua mwili wake kabla ya uchunguzi wa daktari. Nimeambatisha nakala ya cheti cha kifo, namba ya taarifa ya polisi na namba ya PI.*

*Kwa heshima naomba kujua mambo manne. Mosi, shauri hili sasa liko ofisi gani au mahakama gani, na kwa namba ipi. Pili, kama limeondolewa, liliondolewa lini. Tatu, kama linasubiri, linasubiri nini. Nne, tarehe inayofuata ni ipi.*

*Siombi kuonyeshwa ushahidi wala maelezo ya shahidi yeyote. Siombi kujua uamuzi wa ofisi yako kabla haujatolewa. Nafahamu kuwa kesi ni ya Jamhuri. Marehemu ni wetu.*

*Aidha, ninafahamu anakopatikana mmoja wa watu walioandikisha maelezo. Sitaandika mahali hapo kwenye barua hii kwa ajili ya usalama wake. Niko tayari kueleza ana kwa ana kwa wakili mwenye jalada.*

Kisha anaitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, jina lake, namba ya simu, na orodha ya nakala: moja kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, moja kwake.

Kila fungu lina kazi. Namba mbili za zamani zinampa karani pa kuanzia kutafuta ile ya tatu. Maswali manne yanajibika kwa mistari minne. Sheria ya mwaka 2016 inamtaka mwenye taarifa katika ofisi ya umma amjibu mwombaji ndani ya siku 30, kwa kumpa au kumkatalia na kumweleza sababu. Mhuri kwenye nakala ya pili ndio unaoanzisha hesabu hiyo. Sheria hiyohiyo inaruhusu kunyima taarifa itakayovuruga upelelezi au kuhatarisha maisha ya mtu. Ndiyo maana fungu la tatu linasema mapema kile asichokiomba, ili asijibiwe kwa kisingizio hicho.

> "Nafahamu kuwa kesi ni ya Jamhuri. Marehemu ni wetu."

Wakili anaweza kusema nini

Wakili mmoja wa Serikali mwenye miaka mingi kazini alinieleza hofu yao bila kuficha. Ukimwambia ndugu kwamba jalada lina upungufu, jioni hiyo habari inaweza kufika kwa ndugu wa mshtakiwa. Ukimtajia shahidi, shahidi anaweza kutishwa au kununuliwa. Ukimpa matumaini, na kesi ikaanguka, atasema umekula rushwa. Kunyamaza kunaonekana salama.

Nimeielewa hofu hiyo, lakini haigusi maswali ya dada. Mahakama iliyopo, namba na tarehe ni mambo yanayosomwa kwa sauti mbele ya watu wote. Hayana siri ya kuvuja. Kuondolewa kwa shauri nako hutangazwa mahakamani. Linalobaki ni swali la tatu, linasubiri nini, na hilo lina jibu la heshima lisilomtaja mtu: linasubiri kikao, linasubiri taarifa ya kitaalamu, linasubiri shahidi. Maneno mawili yanatosha.

Ukimya nao una gharama kwa mashtaka yenyewe. Familia isiyojua lolote huacha kufika. Mashahidi waliokuwa wakitiwa moyo na familia nao huacha. Vijana wa ukoo huanza kusema sheria imenunuliwa, na wakikutana na mmoja wa wale watatu gizani, mwenye jalada atapata jalada la pili.

Anachokijua dada

Fungu la mwisho la barua ndilo linalostahili kusomwa mara mbili. Huenda jalada linasema shahidi hajulikani alipo. Dada anajua. Anajua kwa sababu yule mama alimpigia simu siku ya arobaini, akampigia tena alipohamia kisiwa kimoja cha Muleba, na bado anamtumia salamu kwa wanaoleta dagaa Mwaloni Kirumba. Hakuna askari aliyewahi kumuuliza.

Haya si mambo ya nadra. Watu wa mialo wanahama, lakini wanahama ndani ya mtandao wa ndugu, wa matajiri wa mitumbwi na wa wachuuzi. Hati ya wito inayopelekwa kwa mtendaji wa kijiji cha zamani haiingii kwenye mtandao huo. Dada wa marehemu yumo ndani yake. Ofisi ingempigia simu mara moja kila miezi mitatu kumpa tarehe, ingepata pia habari za mashahidi wake bila gharama ya mafuta.

Msaidizi wa kisheria ndiye aliyemkataza asiandike jina la kisiwa. Barua hupita kwenye trei, mikononi mwa makarani, kwenye meza za watu wasiohusika. Tanzania ina sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi tangu mwaka 2015, lakini ulinzi wa kwanza wa shahidi ni kutoandikwa mahali asipohitaji kuandikwa.

Siku 30 zikipita bila jibu, hatua iliyopo ni kuomba mkuu wa taasisi apitie upya, tena kwa maandishi na kwa mhuri. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko kuhusu utendaji wa ofisi za umma, ingawa haiwezi kuingilia shauri lililoko mahakamani. Hakuna njia yoyote kati ya hizo inayoweza kumlazimisha DPP ashtaki. Zote zinaweza kumlazimisha mtu ajibu.

Siku ya 23

Nilimtembelea Igoma siku ya 23 tangu mhuri. Alikuwa amekaa kibarazani akichambua mchele, simu ikiwa juu ya kitambaa kando yake. Alikuwa amepigiwa asubuhi ileile.

Aliyepiga alijitambulisha kuwa mpelelezi, akasema ameisoma barua, akataka kujua shahidi yuko wapi. Dada alimjibu kwamba atasema ana kwa ana, wakakubaliana siku. Yule mpelelezi alikuwa na adabu, anasema, alimwita dada, akampa pole. Kisha dada akamuuliza swali lake: kesi iko wapi, na tarehe ni lini?

"Akasema hilo si lake, niulize kwa wakili."

Alinyamaza, akaokota jiwe dogo kwenye ungo na kulitupa uani.

"Nitakwenda. Nitawaambia aliko, kwa sababu mdogo wangu anastahili. Lakini safari hii sitoki pale mpaka waniandikie namba."

Alinionyesha daftari. Chini ya zile safari 31, alikuwa amepiga mstari mpya na kuandika tarehe ya miadi. Pembeni yake, mahali pa namba ya Mahakama Kuu, ameacha nafasi wazi.